Kichwa kizito mbele, mshale unazama zaidi?

"Si ukiweka tu kichwa kizito mshale unazama zaidi kwenye shabaha, kwa sababu mzigo uko mbele?"

Unazama zaidi kweli, ila sababu kubwa siyo hiyo. Chukua mshale wa gramu 26, urefu sentimita 70, uulaze juu ya kidole utulie, tuseme umetulia sentimita 42 kutoka nyuma, yaani 7 mbele ya katikati, hiyo ni asilimia 10 ya urefu wake. Ongeza gramu 6 kwenye kichwa, unatulia kwenye 47 hivi, sasa ni kama asilimia 17. Watu wanashangilia hiyo 17 wanasahau mshale mzima umekuwa gramu 32, na huo uzito ndio unaosukuma ndani hata kama spidi imepungua kidogo.

Mzigo wa mbele kazi yake hasa ni kuyapa manyoya ya nyuma nguvu ya kuunyoosha mshale haraka, maana ukigonga huku unayumba nguvu inaishia kwenye kupinda. Lakini kichwa kizito pia kinaufanya uti wa mshale ujipinde zaidi ukiachia kamba. Piga mshale usio na manyoya, kwa anayevuta kwa mkono wa kulia ukiangukia kulia ya wenzake wenye manyoya, mara nyingi uti umekuwa laini mno, punguza kichwa au tafuta uti mgumu zaidi.