Mionzi ya saratani kwa vikao: grei 60 si lazima iwe grei 60

Dhana: Kinachohesabika ni jumla ya dozi ya mionzi, inayopimwa kwa grei. Ukigawa mara 30 au mara 15, ni kitu kilekile.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, hata wenye hesabu nzuri. Mionzi hukata nyuzi za DNA ndani ya seli. Mkato mmoja mmoja seli huweza kuuziba. Dozi ya kikao ikipanda, mikato huwa mingi na karibukaribu, na ukarabati hushindwa. Kwa hiyo madhara hupanda kwa kasi kuliko dozi yenyewe, na kasi hiyo hutofautiana kati ya tishu na tishu.

Wataalamu huipima kwa fomula hii:

```
BED = n × d × (1 + d / (α/β))
```

BED ni ukubwa wa pigo linaloifikia tishu, n ni idadi ya vikao, d ni dozi ya kikao kimoja, na α/β ni namba ya tishu husika: ikiwa ndogo, tishu huhisi zaidi ukubwa wa kikao. Kwa uvimbe mwingi wa saratani hutumika 10. Kwa tishu ambazo madhara yake hujitokeza baada ya miezi au miaka, kama vile uti wa mgongo, hutumika takriban 3 au chini yake.

Chukua grei 60 kwa vikao 30 vya grei 2. Uvimbe unapata 60 × 1.2 = 72, tishu nzima, yaani isiyo na saratani, 60 × 1.67 = 100. Sasa toa grei 60 hizohizo kwa vikao 15 vya grei 4: uvimbe unapata 84, tishu nzima 140. Uvimbe umeongezewa pigo kwa asilimia 17 hivi, tishu nzima kwa asilimia 40. Ni sawa na kuipa tishu hiyo grei 84 kwa vikao vya kawaida vya grei 2.

Dhana: Vikao vichache ni tiba ya kulipua.

Hapana, mradi jumla ipunguzwe kadiri dozi ya kikao inavyoongezwa. Kwa saratani ya titi, ratiba ya zamani ilikuwa grei 50 kwa vikao 25. Ikaja 40 kwa vikao 15. Na jaribio la FAST-Forward, lililochapishwa 2020, likaonyesha kuwa 26 kwa vikao 5 inatosha kwa wagonjwa wengi wa hatua za mwanzo. Tazama jumla inavyoshuka. Saratani ya titi yenyewe huhisi ukubwa wa kikao karibu sawa na tishu nzima, ndiyo maana kupunguza vikao hakukuinyima tiba. Ratiba hiyo usiihamishie shingoni.

Dhana: Nikipumzika siku mbili tatu zaidi, mwili utapona vizuri.

Sehemu kubwa ya ukarabati wa DNA hukamilika ndani ya saa chache baada ya kikao, hivyo saa 24 zinatosha. Siku za ziada huunufaisha uvimbe pia. Saratani za kichwa na shingo, hasa baada ya wiki ya tatu au ya nne, huanza kuzaliana upya kwa kasi. Kila siku tiba inapovuka muda uliopangwa, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hushuka kwa takriban asilimia 1 au zaidi kidogo. Vidonda vya mdomoni ni kweli hupata nafuu ukipumzika, na nafuu hiyo ndiyo inayowadanganya watu.

Dhana: Kikao kilichokosekana kitafidiwa kesho kwa dozi mara mbili.

Tuseme mgonjwa wa saratani ya koo ana ratiba ya grei 70 kwa vikao 35, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 7. Wiki ya 5 mashine inaharibika Jumanne na Jumatano. Kumpa grei 4 Alhamisi na Ijumaa kungetimiza jumla, lakini kwa gharama ya tishu nzima, kama hesabu ya juu ilivyoonyesha.

Njia inayopendelewa ni kulinda vitu viwili kwa pamoja: grei 2 kwa kikao, na tarehe ya kumaliza. Kikao kimoja kinapelekwa Jumamosi. Cha pili kinafanyika Ijumaa ya wiki inayofuata pamoja na cha siku hiyo: saa 2 asubuhi na saa 8 mchana, yaani pengo la saa 6, ambalo ndilo la chini kabisa. Mgonjwa anamaliza siku ileile iliyopangwa.

Saa 6 nazo zina mipaka. Uti wa mgongo hujikarabati polepole. Katika mpango wa CHART wa Uingereza, uliotoa vikao 3 kwa siku kwa pengo hilohilo, baadhi ya wagonjwa wa mwanzo walidhurika uti wa mgongo kwa dozi iliyodhaniwa salama. Kwa hiyo kama uti unapokea dozi kubwa, Jumamosi huja kwanza.

Dhana: Ngozi ikizidi kuwaka baada ya kikao cha mwisho, dozi ilizidishwa.

Wekundu na vidonda huweza kufikia kilele wiki 1 hadi 2 baada ya kumaliza, kwa sababu seli za juu huendelea kupukutika kabla mpya hazijajaza nafasi. Ngozi iliyochubuka na kutoa maji, homa, au kushindwa kumeza maji ni mambo ya kurudi kliniki siku hiyohiyo.