Jagi chini ya bomba: mswada wa video ya Newala

Mswada wa kwanza wa video ya kanisa kuhusu kutunza maji na taka niliutupa. Ulifunguka kwa mawimbi ya Mtwara na sauti ikisoma Mwanzo 1:28, "mkatawale samaki wa baharini". Nilipowasomea akina mama wa usharika mmoja Newala, bibi mmoja akanikatiza: "Mwanangu, bahari iko huko chini kwenu. Huku shida yetu ndoo."

Alikuwa na haki. Juu ya uwanda wa Makonde mvua huzama mchangani, na maji ya bomba husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Nikarudi na jagi la lita moja, nikaliweka chini ya bomba la uani kwa kanisa, lililokuwa likidondoka. Lilijaa kwa saa mbili. Kwa siku ni lita 12, kwa mwezi lita 360, yaani ndoo 18 za lita 20.

Video sasa inaanza na jagi hilo: sekunde ishirini za matone, bila muziki wala maneno. Ndipo linasomwa Mwanzo 2:15, "ailime na kuitunza". Hapo msimulizi anatua kidogo, kwa sababu kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa "kuitunza" ni *shamar*, kulinda. Ndicho kilichomo katika Hesabu 6:24, "Bwana akubarikie, na kukulinda". Waumini wanaokwenda nyumbani na baraka hiyo wanasikia kwamba kulindwa na kulinda bustani ni neno moja. Sikuongeza mahubiri.

Kisha inakuja koki yenyewe, ikionyeshwa kwa karibu. Fundi anafunga maji kwenye valvu, anafungua kichwa cha koki kwa spana, anatoa mpira uliochakaa na kuweka mpya. Dalili ya mpira kuchakaa ni kwamba unakaza mpaka mkono unauma na bado koki inadondoka. Ukibadilisha mpira na tone likaendelea, mara nyingi mahali mpira unapokalia ndani ya koki pamekwaruzika, basi nunua koki nyingine. Ya kwetu ilikuwa mpira tu.

Taka zilinisumbua zaidi. Wengi hutumia Yohana 6:12, "Kusanyeni vipande vilivyobaki, kisipotee kitu chochote", kisha wanaonyesha chupa za plastiki. Mimi nilikataa. Vipande vile vilikuwa mikate ya shayiri, chakula, na vilijaza vikapu kumi na viwili. Kwa hiyo aya hiyo niliiweka juu ya sufuria ya ugali uliobaki na maganda ya muhogo yanayopelekwa shimo la mboji, yakifunikwa kwa majani makavu kila mara yasinuke. Plastiki haiozi humo, kwa hiyo ina gunia lake pembeni. Hiyo nimeipa sentensi mbili, bila aya.

Mswada mzima sasa ni dakika tatu. Bibi yule aliusikia tena, akauliza swali moja tu: jagi lile nilimwaga wapi? Nikamwambia, kwenye mche wa mpapai.