Mwandiko mbaya na kiwango cha D: dhana potofu za wasahihishaji wa insha

Insha ya KCSE, yaani Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili, hutuzwa kwa viwango vinne: D (01–05), C (06–10), B (11–15) na A (16–20). Msahihishaji huamua kiwango kwanza, kisha ndipo atafute maki ndani yake. Mwandiko ukiwa wa kusumbua macho, uamuzi huo wa kwanza ndio unaoharibika, na mtoto wa watu hupoteza maki tano au kumi bila kosa la lugha.

Dhana: Insha isiyosomeka ndiyo "isiyoeleweka", basi ni D.

Ukweli: Maelezo ya kiwango cha D yanazungumzia insha ambayo lugha yake ni hafifu kiasi kwamba mtahini analazimika kukisia mtahiniwa alitaka kusema nini. Hiyo ni habari ya lugha. Hati ina mahali pake katika mwongozo: imo chini ya mtindo, pamoja na mpangilio wa aya, mtiririko, tamathali za usemi na unadhifu. Kwa hiyo hati mbaya inaweza kumshusha mtahiniwa maki kadhaa ndani ya kiwango chake. Haiwezi peke yake kumtoa B na kumtupa D.

Kuna njia rahisi ya kujipima. Chukua aya moja iliyokuchosha, uisome kwa sauti polepole. Ikiwa sentensi zinakamilika na wazo linasonga, ugumu ulikuwa machoni mwako. Ikiwa umesoma kila neno na bado hujui nani alimfanyia nani nini, hapo D inastahili kufikiriwa.

Dhana: Neno lisilosomeka ni kosa la hijai. (Wengine hushika kinyume chake: ukiwa na shaka, mpe tu.)

Ukweli: Shaka nyingi huondoka ukijifunza herufi za mwandishi huyo. Soma insha nzima mara ya kwanza bila kalamu mkononi, ukitafuta maneno usiyoweza kuyakosea, kama "nyumba", "shule", "mwalimu". Hayo ndiyo yatakayokuonyesha jinsi anavyochora kila herufi.

Chukulia mtahiniwa anayesimulia kisa cha "Mchagua jembe si mkulima". Umekutana na kitu kama "waliunnua". Rudi kwenye "nyumba" ya aya ya kwanza: kumbe "n" yake na "u" yake zina umbo lilelile, matao mawili yasiyofungwa juu wala chini. Basi ameandika "walinunua", na hakuna kosa la kupigia mstari. Mbele kidogo unasoma "kurara". Hapa usimsamehe. Katika "mwalimu", "l" yake inapanda hadi juu, ilhali katika "kurara" vijiti vyote viwili ni vifupi. Ameandika "r", na hilo ni kosa. Vivyo hivyo "kuedelea": hata mwandiko uwe mbaya namna gani, "n" haina nafasi ya kujificha kati ya "e" na "d". Hesabu vijiti, utaona haipo.

Sasa soma tena kwa ajili ya kiwango. Insha iliyoonekana C ya chini, kwa sababu ulikuwa ukikwama kila mstari, inaweza kujitokeza kuwa na msamiati wa kutosha, visa vinavyofuatana na makosa machache. Hiyo ni B. Ukishakata kauli, pitia mara ya mwisho uonyeshe makosa, kila moja pale linapojitokeza kwanza, kisha uzingatie hati unapoamua kama ni 11 au 13.

Neno likikataa kabisa, lizungushie duara uendelee. Mara nyingi hujitokeza tena mbele likiwa wazi zaidi. Kama bado halisomeki, mpe msahihishaji mwenzako asiyejua maki uliyokadiria.

Dhana: Ikichapwa kwa kompyuta, upendeleo unaisha.

Ukweli: Unageuka tu. Mwaka 1994 watafiti wa ETS, shirika la mitihani la Marekani, walichukua insha za mkono wakazichapa, na zile za kompyuta wakaziandika kwa mkono. Insha zilezile zilielekea kupata maki ya chini zikiwa zimechapwa. Maelezo mojawapo ni kwamba makosa huonekana waziwazi kwenye chapa, na insha huonekana fupi. Ukichapa ya mwanafunzi mmoja pekee, umempa mizani tofauti na wenzake.

Dhana: Kurasa nyingi ni insha ndefu.

Ukweli: Hesabu maneno ya mstari wa kawaida. Mwenye maneno tisa kwa mstari hufikisha 400 kwa mistari 45 hivi. Mwenye manne anahitaji 100.