Stroberi sio beri, na vile "vimbegu" vya juu ndo matunda yenyewe

Mwezi wa saba mwaka jana nilienda Uyole kwa mama mmoja ana grinihausi ya stroberi, nafika tu nimemwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu" huku ananisukumia beseni. Stroberi zimepinda, zingine zimebonyea upande mmoja kama kuna mtu kaziminya na kidole, zingine ncha imebaki ya kijani, ngumu, imejaa vimbegu vimesongamana. Wanunuzi wa mjini walishazikataa. Yeye akili yake ilimwambia mbolea haijatosha, kwaiyo alikuwa ameshaongeza yurea mara mbili.

Sasa hapo ndipo lile swali ambalo watu huwa wanadhani ni la darasani tu, kwamba stroberi ni beri au sio beri, linageuka kuwa la shambani kabisa.

Mi nimesomea mimea na nafanya kazi na wakulima wa matunda huku nyanda za juu, na kwa sisi watu wa mimea neno beri lina maana yake. Beri ni tunda linalotokana na ua moja lenye ovari moja, yani kile kifuko cha ua ambamo mbegu zinaanzia, alafu ukuta wa ile ovari unanenepa wote unakuwa nyama, mbegu zinakaa ndani, hamna kokwa gumu la kuzifunika. Chukua nyanya ikate, hiyo ndo beri yenyewe. Zabibu beri. Pilipili, bilinganya, hata vile vitunda vyeusi vya mnavu, vyote beri. Na parachichi letu la Rungwe na Njombe nalo ni beri, ila ya mbegu moja, maana kile unachokitupa katikati ni mbegu na sio kokwa.

Stroberi haimo. Ua la stroberi halina ovari moja, lina ovari ndogondogo nyingi sana, mara nyingi zinapita mia, zimekaa juu ya kidonge kidogo katikati ya ua, tukiite kitako cha ua. Kila kaovari kana stigma yake ya kupokelea chavua, na kanahitaji chavua yake. Kakishachavushwa kanakomaa kanakuwa kitunda kikavu chenye mbegu moja ndani, na ndo hiko unachokiona juu ya stroberi ukakiita mbegu. Lile jekundu tunalolila sio ovari kabisa, ni kile kitako kimevimba. Kwaiyo ukila stroberi moja umekula kitako kimoja cha ua na matunda zaidi ya mia kiliyoyabeba mgongoni, ingawa hayo matunda huyahisi ila yakikwama kwenye meno.

Nikamwomba yule mama kisu, nikapasua moja nzuri kwa urefu. Ndani utaona vijinyuzi vyeupe vinatoka katikati vinaelekea nje, na ukiufuata mmoja kwa macho unaishia kwenye kitunda kimoja. Hiyo ni mishipa, kila kitunda na wa kwake.

Na kitako hakivimbi chenyewe, kinaamriwa. Mwaka 1950 mtafiti anaitwa Nitsch alichapisha majaribio yake, alikuwa anavitoa vile vitunda kwenye stroberi changa moja moja kwa uangalifu. Akitoa vyote, kitako kinagoma kukua. Akiacha vichache, panavimba pale tu vilipobaki, sehemu zingine zinabaki zimesinyaa. Alafu akavitoa vyote na kupaka homoni ya oksini badala yake, kitako kikaendelea kukua. Maana yake ni kwamba mbegu ndani ya kile kitunda inatengeneza oksini, oksini inashuka kwenye nyama iliyo chini yake na kuiambia ivimbe, na pasipo na mbegu hai hakuna amri.

Tukarudi kwenye beseni. Nikachukua iliyopinda, nikamwonyesha upande ulionenepa: vitunda vinene, vimeachana. Upande uliobonyea: vitunda vidogo bapa, vimebanana. Ukimenya kile kinene kwa kucha ndani kuna mbegu, kile bapa ni ganda tupu. Hapo yurea haihusiki, zile ovari hazikupata chavua. Ukosefu wa yurea haubagui upande mmoja wa tunda.

Nikamuuliza, "Mama, kama mwezi mmoja nyuma kulikuwaje humu ndani?" Kwasababu kutoka ua kufunguka hadi tunda kuiva ni karibu mwezi, na kwa baridi yetu inazidi, kwaiyo stroberi unayoichuma leo inakuhadithia hali ya mwezi uliopita na sio ya wiki hii. Akafikiri, akasema katikati ya mwezi wa sita baridi ilizidi akafunga plastiki za pembeni mchana na usiku, wiki mbili nzima. Basi jibu hilo. Ua la stroberi linaweza kujichavusha lenyewe kiasi, stameni zinazotoa chavua zimezunguka pembeni, lakini bila upepo na bila nyuki chavua haifiki kila mahali, na zile ovari za kileleni ndo mara nyingi zinakosa. Baridi kali nayo inadhoofisha chavua. Ila ingekuwa jalidi imeliua ua, angeona katikati yake pamekuwa peusi wakati petali bado nyeupe, na yeye hakuona hivo.

Akaacha yurea, akawa anafungua plastiki jua likishapanda anafunga jioni, na siku za mawingu anapitisha brashi laini kwenye maua. Dawa ya wadudu nikamwambia asipige maua yakiwa wazi. Zilizokuwa zimeshapinda hazikunyooka, haziwezi, lakini mchumo wa mwezi wa nane mwishoni ulikuwa na umbo.

Siku ile alinibana pia kuhusu hizo beri zingine, maana mwanae alikuwa anataka kupanda rasiberi. Rasiberi nayo sio beri. Ina ovari nyingi kwenye ua moja kama stroberi, ila hapa ovari zenyewe ndo zinanenepa, kila kidonge kina ngozi, nyama, na kakokwa kagumu katikati, yani kila kidonge ni kama pichi dogo sana. Ukiichuma inavuka kama kofia, kitako kinabaki kwenye mti, ndo maana ina shimo. Blakiberi ni hivohivo ila yenyewe inakuja na kitako chake, haina shimo. Zile za porini zenye miiba watoto wanazochuma njiani ni ukoo huohuo.

Forosadi inadanganya zaidi kwasababu kwa macho ni blakiberi tupu, lakini ile moja haitokani na ua moja, ni kundi la maua madogo mengi yaliyoshikana, na nyama tamu ni vile vijani vya maua vimevimba kuzunguka tunda la kila ua.

Bluberi ndo inayobishaniwa. Ovari yake imekaa chini ya sepali, vile vijani vya nje vya ua, ndo maana kile kitaji kidogo kipo kileleni mwa tunda, kwaiyo nyama yake sio ya ovari peke yake. Wenye msimamo mkali wanaiita beri ya uongo, wengi tunaiacha ni beri, na mimi nipo upande huo, kwasababu ukiitoa bluberi kwa kigezo hicho itabidi uitoe na ndizi. Angalia ile ncha nyeusi ya ndizi, ua lilikuwa limekaa pale, juu ya ovari.