Bei ya kufunga ina umri wake

Ukifungua taarifa ya siku ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, utakuta bei ya kufunga hata kwa kampuni ambayo siku hiyo haikuuza hisa hata moja. Bei hiyo ni ya mara ya mwisho hisa zake zilipouzwa. Kwa CRDB au NMB, zenye wanunuzi na wauzaji wengi, hilo halisumbui. Kwa kampuni ndogo bei inaweza kuwa ya wiki iliyopita, na programu inayosoma safu ya bei peke yake haiwezi kujua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hisa inauzwa Jumatatu kwa shilingi 500, kisha hakuna mauzo hadi mwisho wa Ijumaa ya wiki inayofuata. Wakati huo oda ya juu kabisa ya kununua inashuka: 490, 475, 460. Programu imepangwa kupiga kengele bei ikishuka zaidi ya asilimia 5 kwa siku. Siku 9 za soko inaona badiliko la sifuri, na inakaa kimya. Jumatatu baada ya hapo muuzaji mmoja anakubali 460, na kengele inalia: asilimia 8 kwa siku moja! Si kweli. Thamani ilikuwa ikishuka muda wote huo, na mwenye hisa aliyeambiwa Ijumaa kwamba ana 500 asingempata wa kumlipa 500.

Ninachosisitiza ni kuihifadhi tarehe ya mauzo ya mwisho kando ya bei. Kama data imepangwa kwa tarehe na safu ya tarehe imesomwa kama tarehe, mistari hii inatosha:

```python
df["last"] = df["date"].where(df["volume"] > 0)
df["last"] = df.groupby("symbol")["last"].ffill()
df["age"] = (df["date"] - df["last"]).dt.days
```

Ijumaa ile `age` ingesoma 11, na hapo ripoti iandike "hakuna mauzo", isiandike "bei haijabadilika". Mauzo yakirudi, linganisha 460 na 500 kama badiliko la kipindi chote, kisha tazama fahirisi ya TSI, inayopima hisa za kampuni za ndani, ilikwendaje katika siku hizo hizo. Kama nayo imeshuka kwa kiasi kinachokaribia hicho, kampuni yenyewe huenda haina tatizo lolote.

Kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar, kama KCB na EABL, zina nafuu: hisa zake huuzwa zaidi Nairobi, kwa hiyo bei ya kule, ikibadilishwa kuwa shilingi ya Tanzania, ndiyo ya kufuatilia.

Kwa kampuni ndogo za ndani hakuna soko la pili la kuangalia. Hapo mimi hutazama oda za kununua, pamoja na idadi ya hisa zinazotakiwa. Oda ya hisa 50 kwa 460 haimwambii mwenye hisa 20,000 atauza kwa bei gani.