Bili moja ya maji, tarehe nne: kwa nini ripoti mbili za mwezi mmoja hazilingani

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, mafundi wawili wa maji walifika kwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu, kati ya Makambako na Tunduma, ambako madereva wa malori hupumzika. Mmoja alikuwa na spana, mwingine karatasi yenye orodha ya wadaiwa.

"Shikamoo mama. Tumekuja kusitisha huduma, unadaiwa shilingi 72,000."

"Marahaba wanangu. Mbona nimelipa jana usiku?"

Mama akatoa simu. Ujumbe wa malipo ulikuwapo: 31 Julai, saa mbili usiku, shilingi 72,000. Orodha ya fundi nayo ilikuwa na tarehe 31 Julai, na kwenye orodha hiyo mama alikuwa bado mdaiwa. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Orodha ilichapishwa saa kumi jioni, saa nne kabla ya malipo. Fundi alipiga simu ofisini, akasubiri kidogo, kisha akarudisha spana kwenye mfuko.

Mimi ni mhasibu wa ankara, na bili hii naifahamu tangu mita iliposomwa. Nitaifuata hatua kwa hatua, maana imebeba karibu kila tofauti ambayo wateja na wajumbe wa vikao hutuuliza. Bei nimeikadiria kuwa shilingi 1,600 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi. Uniti moja ni lita 1,000.

Tarehe 18 Mei mita ilisomeka 1,412. Tarehe 18 Juni ikasomeka 1,457. Hizo ni uniti 45, yaani shilingi 72,000. Usiku wa tarehe 28 Juni mfumo ulitengeneza bili za wateja wote wa mzunguko ule kwa mkupuo, zote zikiandikwa tarehe ya ankara ya 30 Juni. Bili ya mama haikutoka. Kwa kawaida yeye hutumia uniti 15 hivi kwa mwezi, na mfumo huzuia bili iliyoruka namna hiyo mpaka mtu arudi kuangalia mita. Msoma mita alirudi tarehe 1 Julai, akakuta usomaji uko sahihi. Kilichotokea ni kwamba boya la tanki la juu lilikuwa limekwama, maji yakawa yanamwagika usiku kucha nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yamepita kwenye mita, kwa hiyo bili ilibaki palepale. Iliruhusiwa tarehe 2 Julai, na ujumbe ukamfikia mama siku hiyohiyo.

Hapo ndipo tarehe mbili za kwanza zinapoachana. Tarehe ya kutengeneza bili ni siku ambayo deni liliingia kwenye akaunti ya mteja: 2 Julai. Tarehe ya ankara ni ile iliyoandikwa kwenye ankara yenyewe, ambayo siku za kulipa huhesabiwa kuanzia hapo: 30 Juni, kama wenzake wa mzunguko ule. Ukitoa ripoti ya bili za Juni kwa tarehe ya ankara, shilingi 72,000 zimo. Ukiitoa kwa tarehe ya kutengenezwa, hazimo, utazikuta Julai.

Na huo si Juni wa kawaida, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Mkaguzi wa hesabu hatosheki na tarehe yoyote kati ya hizo mbili. Yeye huuliza maji yalitumika lini. Yalitumika kati ya Mei na Juni, kwa hiyo mapato ni ya mwaka unaofungwa, hata kama bili ilitoka Julai. Hata maji ya kuanzia tarehe 19 hadi 30 Juni, ambayo bado hayana bili, hukadiriwa na kuwekwa kwenye mwaka huohuo.

Tarehe ya tatu ni ya mwisho wa kulipa. Hii hutokana na hesabu tu: ankara ya 30 Juni jumlisha siku 14, unapata 14 Julai. Siku hiyo hakuna fedha inayoingia wala kutoka. Kinachobadilika ni hali ya deni, ambalo kuanzia kesho yake linahesabiwa kuwa limechelewa. Lakini mama alipata bili tarehe 2, kwa hiyo alikuwa na siku 12, si 14. Kwa maoni yangu, bili iliyozuiwa inapaswa kupewa tarehe ya ankara ya siku iliporuhusiwa, na siku zihesabiwe kutoka hapo. Mapato hayapotei, kwa sababu mkaguzi anaangalia kipindi cha matumizi. Ukipata ankara iliyotangulia ujumbe wake kwa siku kadhaa, una haki ya kwenda dirishani kuomba siku zako.

Tarehe hii ndiyo inayochanganya zaidi ripoti ya umri wa madeni, ile yenye safu za siku 1 hadi 30, 31 hadi 60 na kuendelea. Jioni ile ya 31 Julai, deni la mama lilikuwa na umri gani? Ukihesabu kutoka tarehe ya ankara, siku 31, basi linaangukia safu ya pili. Ukihesabu kutoka tarehe ya mwisho ya kulipa, siku 17, linabaki safu ya kwanza. Ofisi inayosema "tunakata huduma kwa wenye zaidi ya siku 30" ingemkata kwa hesabu moja na kumwacha kwa nyingine. Ndiyo maana kichwa cha ripoti kinatakiwa kiandike wazi umri umehesabiwa kutoka wapi. Kama hakijaandika, uliza kabla ya kujadili hata tarakimu moja.

Inabaki tarehe ya malipo. Mama alilipa kwa simu kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyo kwenye bili, kupitia GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki. Mara nyingi taarifa hufika papo hapo. Usiku ule leja ya siku ilikuwa imeshafungwa, muamala ukasubiri upatanisho wa asubuhi na kuingizwa tarehe 1 Agosti. Kwa mama, amelipa Julai, na risiti yake inasema hivyo. Ripoti ya makusanyo inayofuata tarehe ya kuingizwa kwenye leja itasema Agosti. Wakaguzi huipenda hii ya pili kwa sababu mfumo wenyewe huigonga, hakuna mtu wa kuiandika kwa mkono.

Utajuaje basi kama tofauti ni ya tarehe tu, au kuna fedha imepotea? Tofauti ya tarehe hurudi. Kilichopungua Julai kwenye ripoti moja lazima kionekane Agosti kwenye ripoti hiyohiyo, kiasi kilekile, akaunti ileile. Chukua ripoti za miezi miwili zilizotolewa kwa aina moja ya tarehe, kisha utafute muamala wenyewe kwa namba yake, usitegemee jumla. Shilingi 72,000 za mama zilionekana kwenye mstari wa kwanza wa Agosti. Zisingekuwapo, suala la tarehe lingekuwa limekwisha hapo, na mama angetakiwa kupeleka ule ujumbe wa simu ofisini ili zitafutwe kwenye akaunti ya malipo yasiyotambuliwa, mahali ambapo hukaa fedha ambazo bado haijajulikana ni za akaunti ipi.