Nani alipe rampu ya barazani?

"Shikamoo mzee. Tangu niumie mguu natumia kiti cha magurudumu. Naomba rampu, yaani njia ya mteremko ya kupandia na kiti, na bomba la kushikia pale mlangoni. Jirani kaniambia sheria inakulazimisha ulipe wewe. Ni kweli?"

Marahaba mama, pole sana. Jirani amechanganya. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayohudumia umma yafikike. Kwa vyumba vyetu vya kupanga hapa Ngamiani, gharama ni jambo la kupatana. Lakini usidhani basi mzigo ni wako wote. Rampu ya zege itabaki kwangu hata ukihama, kwa hiyo naijenga mimi, na kodi haipandi. Bomba vilevile. Ukitaka ya mbao, ya kuhama nayo, hiyo utanunua wewe.

Wengi hufikiri ubao mmoja juu ya ngazi unatosha. Baraza letu lina kimo cha sentimita 30, na kila sentimita moja ya kimo inahitaji kumi na mbili za urefu. Hiyo ni mita 3.6. Ikiwa fupi, kiti kinarudi nyuma au mikono inachoka katikati. Uani inaenea, ila banda la kuku litahama (kuku watanisamehe).

Bomba litakuwa la zinki, kimo cha sentimita 90 hivi, maana chuma kitupu kwa upepo wa bahari hapa Tanga hakidumu. Fundi akija kupima, kaa kwenye kiti ujaribu kugeuka mlangoni. Tukipatana, tuandike na tutie saini sote wawili.